Wasifu wa zabuni: tunayoyadhani na yanayopewa alama

Kazi yangu ni kuandaa mapendekezo ya kiufundi ya kampuni za ushauri. Kila zabuni inapofika nakusanya wasifu za wataalamu, na karibu kila mara zinakuja zikiwa zimeandikwa kwa ajili ya kuomba ajira. Watu wenyewe ni wazuri na wanaijua kazi, ila karatasi zao zinawaangusha kwa sababu ya mambo machache yanayoaminiwa sana.

Dhana: Wasifu mzuri hauzidi kurasa mbili

Kwa anayeomba ajira, ushauri huo ni sahihi. Mwajiri anapitia wasifu haraka haraka, akivutiwa anakuita kwenye usaili, na mengine utayaeleza kwa mdomo. Kwenye zabuni ya ushauri, mara nyingi hakuna atakayekuita. Kamati ya tathmini inakaa na karatasi yako na jedwali la alama, na mtathmini anayekufahamu haruhusiwi kukupa alama kwa jambo ambalo hukuliandika.

Tazama alama zenyewe zinavyogawanywa. Katika nyaraka sanifu za zabuni za Benki ya Dunia, ambamo wasifu hujazwa kwenye fomu iitwayo TECH-6, elimu na sifa za jumla za mtaalamu hupewa asilimia 10 hadi 20 ya alama zake. Uzoefu wa eneo na lugha hupewa hadi asilimia 10. Kinachobaki, asilimia 60 hadi 80, ni kufaa kwako kwa kazi hiyo mahususi: je, umewahi kufanya kazi kama hii, wapi, kwa muda gani, na kwa nafasi ipi? Kurasa mbili haziwezi kujibu maswali hayo kwa mtu mwenye kazi kumi nyuma yake. Sehemu ya uzoefu ndiyo inayostahili nafasi, na ile aya ya mwanzo inayosema wewe ni mchapakazi mwenye ari haina mahali pa kupatiwa alama.

Dhana: Basi niweke kila kitu

Hapana. TECH-6 yenyewe inaeleza kwamba ajira za zamani zisizohusiana na kazi inayoombwa si lazima ziorodheshwe. Kwa upande wangu, napendelea kazi isiyohusika ibaki kwa mstari mmoja tu, tarehe na nafasi, ili mtathmini asione pengo akaanza kujiuliza. Na kabla ya yote soma maelekezo ya zabuni, kwa sababu baadhi huweka ukomo wa kurasa.

Dhana: "Mshauri wa kujitegemea, 2014–2023" ni miaka kumi ya uzoefu

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, maana linawaumiza watu waliofanya kazi kweli.

Chukua mfano wa mhandisi wa maji niliyewahi kumwandalia wasifu. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya mteja kuhusu kazi anayoitaka, zilitaka miaka 10 ya uzoefu katika miradi ya maji, na angalau kazi tatu za usanifu wa maji ya bomba vijijini. Wasifu wake ulikuwa na mistari miwili ya ajira. Wa kwanza: mhandisi mwajiriwa, Julai 2009 hadi Desemba 2013. Wa pili: "Mshauri wa kujitegemea, 2014–2023, miradi ya maji na usafi wa mazingira, wateja mbalimbali." Ukiusoma haraka, ana miaka zaidi ya 14. Mtathmini makini atasoma tofauti: mstari wa kwanza una miezi 54, na mstari wa pili hauna hata mwezi mmoja unaoweza kuthibitishwa, kwa sababu kuwa mshauri wa kujitegemea si sawa na kuwa kazini. Kwa hesabu hiyo ana miaka minne na nusu, na zabuni imemshinda.

Tulikaa naye tukafukua mikataba yake. Ilikuwepo saba, mifupi miezi 6, mirefu miezi 18. Ukiijumlisha yote unapata miezi 84. Lakini mikataba miwili iliingiliana: mmoja uliisha Mei 2016, na mwingine ulikuwa umeshaanza Januari mwaka huo huo. Miezi hiyo mitano haihesabiwi mara mbili, kwa hiyo zinabaki 79. Ongeza 54 za ajira, inakuwa miezi 133, yaani miaka 11 na mwezi mmoja. Amevuka kigezo bila kutia chumvi popote, na kila mwezi una mkataba nyuma yake.

Kuna jambo moja la kuangalia hapo. Mkataba wa miezi 18 unaweza kuwa na siku 60 tu za kazi. Nilimshauri aandike vyote viwili, kipindi cha mkataba na idadi ya siku. Aliona itampunguzia, lakini zabuni ikitaka uthibitisho, barua ya mteja wake itataja siku hizo, na ni heri zifanane na alichoandika. Pia andika mwezi, usiandike mwaka peke yake. "2018–2019" inaweza kuwa miezi 24 au miwili, na mtathmini akipata shaka, ana haki ya kuchukua ile ndogo.

Dhana: Mradi mkubwa utanibeba

Mhandisi huyo alikuwa ameandika hivi kuhusu kazi yake bora: "Alishiriki katika mradi mkubwa wa maji uliohudumia vijiji vingi." Sentensi hiyo inausifu mradi, na kuhusu yeye haisemi lolote. Neno "alishiriki" linamfaa msanifu, mpima ardhi na hata aliyewaendesha kwa gari.

Nilimuuliza maswali, akajibu, na majibu yake ndiyo yaliyogeuka kuwa ingizo jipya:

> Aprili 2017 – Septemba 2018 (siku 140 za kazi). Nafasi: mhandisi msanifu wa mabomba. Mwajiri: kampuni ya ushauri iliyoshinda zabuni. Mteja: mamlaka ya maji. Kazi: usanifu wa kina wa skimu nne za maji ya mserereko. Alipima wingi wa maji katika vyanzo vinne wakati wa kiangazi. Alikokotoa mahitaji ya maji ya miaka 20 ijayo. Alisanifu kilomita 38 za bomba kwa programu ya EPANET. Aliandaa makadirio ya gharama na michoro ya zabuni ya ujenzi.

Kwenye fomu yenyewe yaliwekwa majina ya kampuni na mteja, mahali kazi ilipofanyika, na mawasiliano ya mtu wa kuulizwa. Zingatia kwamba mwajiri na mteja wametenganishwa. Wengi huandika jina la mfadhili kana kwamba ndiye aliyewaajiri, kwa sababu lina uzito. Mtathmini akipiga simu huko, hakuna atakayemfahamu mtu huyo, na wasifu mzima unaanza kutiliwa shaka. Kama mfadhili ni muhimu, mtaje kwa nafasi yake: aliyegharamia mradi.

Zingatia pia vitenzi. Alipima, alikokotoa, alisanifu, aliandaa. Kila kimoja ni kazi ambayo hadidu za rejea zilikuwa zinaitafuta.

Dhana: Jedwali la kufaa kwa kazi ni marudio tu

Mwisho wa TECH-6 kuna sehemu inayoweka majukumu utakayopewa upande mmoja, na kazi zako za nyuma zinazoonyesha unayaweza upande wa pili. Wataalamu huichoka wakaandika "tazama hapo juu". Ndio sehemu ambayo mimi huanza nayo kabla ya kugusa nyingine yoyote.

Chukua majukumu jinsi yalivyo kwenye hadidu za rejea, kwa maneno yao. Wakisema "tathmini ya vyanzo vya maji", usibadilishe kuwa "uchunguzi wa rasilimali" kwa sababu umeizoea hiyo. Kisha mbele ya kila jukumu weka kazi moja au mbili tu, ukitaja mwaka na ulichofanya. Kwa mhandisi wetu, mbele ya "usanifu wa mtandao wa bomba" tuliweka ile kazi ya 2017 na nyingine ya 2020. Mbele ya "mafunzo kwa vyombo vya watumia maji" hakuwa na kitu. Hatukutunga. Tulimweleza kiongozi wa timu, na jukumu hilo likahamishiwa kwa mtaalamu wa masuala ya jamii aliyekuwa na uzoefu nalo. Pengo la aina hiyo ukiligundua mapema linatibika. Likigunduliwa na kamati, ni alama zilizokwisha kupotea.

Dhana: Fomu zote ni zile zile

Mambo ya msingi yanafanana, ila mitego hutofautiana. Katika muundo wa wasifu unaotumika kwenye zabuni za Umoja wa Ulaya, lugha hupimwa kwa namba 1 hadi 5, na 1 ndiyo bora kabisa huku 5 ikiwa ya chini. Nimepokea zaidi ya mara moja wasifu ambao mtu amejipa 5 katika lugha yake ya kuzaliwa.

Kwa sababu hiyo nawasihi wataalamu waweke faili moja ya kudumu, ndefu wapendavyo, yenye kila mkataba, tarehe zake, siku, mteja, na nakala ya barua ya kuthibitisha kazi. Kutoka humo unachota kinachohitajika na kukimimina kwenye fomu iliyoombwa. Tarehe zikitoka mahali pamoja, wasifu wako kwenye zabuni ya leo hautapingana na ule wa mwaka jana.

Dhana: Saini ni utaratibu tu

Maandishi yaliyo juu ya saini kwenye TECH-6 ni kiapo chenye mambo mawili: kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli, na kwamba utapatikana kazi ikitolewa. Pia unakiri kuwa ukisema uongo unaweza kuenguliwa, kufukuzwa kazini, au kuwekewa vikwazo na Benki ya Dunia. Aliyeweka saini ni wewe, hata kama aliyeandika ni mwandaaji wa zabuni kama mimi.

Kwa hiyo usitume ukurasa wa saini peke yake kabla ya kuona toleo la mwisho. Mhandisi wetu aliomba faili nzima jioni kabla ya kuwasilisha, akaisoma ingizo kwa ingizo. Kwenye ile kazi ya 2017 alikuta mtu amebadilisha "mhandisi msanifu" kuwa "naibu kiongozi wa timu". Alirudisha neno lake, akaweka herufi za mwanzo za jina lake kila ukurasa, ndipo akasaini.