Picha ya Kompyuta na Vipimo vya Jengo la Kale

"Picha ya kompyuta ya ukarabati uliopangwa ikionyesha milango ya nakshi, mapambo ya plasta na mawe yaliyozibwa vizuri, basi jengo la kale litarudi lilivyokuwa."

Ni rahisi kuamini hivyo, maana nakshi ndiyo huvuta jicho kwanza. Lakini sura ya jengo hushikiliwa zaidi na uwiano wa upana na kimo, na huo unaweza kupotea hata kila ua la nakshi likiwa mahali pake.

Tuseme uwazi wa mlango wa awali una upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 2.4. Gawanya kimo kwa upana, unapata 2. Sasa chukua rula, pima mlango huohuo kwenye picha: upana sentimita 5, kimo sentimita 9. Jibu ni 1.8. Kama upana haukuguswa, kimo kimebaki mita 2.16, yaani sentimita 24 zimepotea. Huenda chanzo ni sakafu iliyoinuliwa, na hapo mlango wa kale utakatwa chini ili uingie. Kipimo hiki kinafaa kwa picha iliyotazama ukuta uso kwa uso tu. Ya pembeni hubana upana.

Kisha angalia kivuli kando ya fremu. Fremu iliyochomoza sentimita 3 ikizungukwa na plasta mpya iliyoongeza sentimita 2.5, hubaki nusu sentimita, na ukuta huonekana bapa. Mwombe msanifu mchoro wa mkato, yaani unaoonyesha ukuta kana kwamba umekatwa, wenye vipimo vya zamani na vipya.