Profoma ikifika mezani: andika ombi la malipo, VAT isubiri risiti

Maduka ya mashine na vipuri ya Mbeya yana wateja hadi Mafinga, Makambako na Tunduma. Mteja wa mbali haendi dukani kwanza. Anapiga simu, anataja anachotaka, na baada ya muda anatumiwa profoma kwenye WhatsApp. Mhasibu wake anaifungua na kukuta jina la duka, TIN, VRN, orodha ya bidhaa, bei, VAT ya asilimia 18, jumla na akaunti ya benki. Kwa kuitazama tu, huwezi kuitofautisha na ankara ya kodi. Hapo ndipo vitabu vya kampuni nyingi huanza kupotoka, na sisi tunaofundisha uhasibu na ukaguzi hukutana na upotovu huo miezi mingi baadaye, wakati kuurekebisha kumeshakuwa kazi nzito.

Profoma ni bei aliyopendekeza muuzaji pamoja na masharti yake. Haisemi kwamba mali imeuzwa, wala haimfanyi mnunuzi awe na deni. VAT iliyoandikwa ndani yake ni hesabu ya kodi itakayotozwa endapo biashara itafanyika. Huwezi kuipeleka kwenye ritani ya VAT na kusema hii ndiyo kodi niliyolipa kwenye manunuzi. Kwa sheria yetu, kinachokupa haki hiyo ni ankara ya kodi na risiti ya EFD.

Hata hivyo, profoma ina kazi yake halali, nayo ni kumwezesha mhasibu kuandaa ombi la malipo. Nichukue mfano wa kiwanda cha mbao cha Mafinga, ambacho nimekitunga kwa ajili ya somo hili. Kimesajiliwa VAT, na kinataka mota moja na misumeno kumi ya mkanda kutoka duka la Mwanjelwa. Profoma namba PF-0217 ya tarehe 3 Machi inasema mota ni shilingi 3,200,000 na msumeno mmoja ni 140,000, kwa hiyo misumeno kumi ni 1,400,000. Kabla ya kodi ni 4,600,000, VAT ni 828,000, na jumla ni 5,428,000. Masharti ni nusu kabla, nusu mzigo ukifika. Bei inadumu siku 14.

Kabla ya kunakili chochote, mhasibu akague mambo mawili. La kwanza ni VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, kwa kuwa muuzaji asiyesajiliwa VAT hana ruhusa ya kuitoza. Ukiona asilimia 18 kwenye profoma isiyo na VRN, simamisha kazi na uulize. La pili ni kama bei za mstari mmoja mmoja zina VAT ndani au la. Wapo wauzaji wanaoandika bei yenye kodi kwenye mistari, kisha fomu yao ya kompyuta inaongeza 18 tena chini. Zidisha idadi kwa bei, jumlisha mwenyewe, halafu linganisha na jumla iliyoandikwa.

Akiridhika, anahamisha taarifa kwenye ombi la malipo. Mimi hupendelea ombi lenye sehemu zinazojieleza, ili anayeidhinisha asilazimike kukisia:

```
OMBI LA MALIPO
Aina ya hati:            PROFOMA - SI HATI YA KODI
Namba na tarehe:         PF-0217, 3 Machi
Bei inadumu hadi:        17 Machi
Jumla ya profoma:        5,428,000
VAT iliyotajwa:          828,000 (haidaiwi kwa hati hii)
Kinacholipwa sasa:       2,714,000 (asilimia 50)
Kiingie akaunti ya:      Malipo ya awali kwa wauzaji
Risiti ya EFD:           INASUBIRIWA
Ankara ya kodi:          INASUBIRIWA
Anayefuatilia:           Mhasibu msaidizi
```

Mstari wa kwanza ndio unaolinda yote yanayofuata. Nimewahi kuona ombi lililoandikwa “Ankara Na. PF-0217”. Karani wa malipo akaamini ni ankara, akaiingiza kwenye daftari la wadai pamoja na VAT yake yote. Mzigo ulipofika ukiwa na ankara halisi yenye namba nyingine, nayo ikaingizwa. Manunuzi yale yale yakawa yamehesabiwa mara mbili, VAT imedaiwa mara mbili, na kitabu kikaonyesha deni ambalo muuzaji mwenyewe hakulijua. Mfumo wa kompyuta hauwezi kukuonya juu ya hilo, kwa sababu namba za hati hazifanani. Kwa hiyo aina ya hati iwe na sehemu yake peke yake, na namba ya profoma isiingie kamwe kwenye sehemu ya namba ya ankara.

Sasa malipo yenyewe. Tarehe 10 Machi kiwanda kinatuma 2,714,000. Benki inapungua kwa kiasi hicho, na akaunti ya malipo ya awali kwa wauzaji inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Usiingize matumizi, wala mota, wala VAT. Siku hiyo kiwanda kina haki ya kupewa mzigo au kurudishiwa fedha, basi.

Lipo jambo moja hapa ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Muuzaji akipokea malipo ya awali, hata kama ni sehemu tu ya bei, wajibu wake wa VAT kwa sehemu hiyo unaanza palepale. Sheria ya VAT ya mwaka 2014 inatazama lililotangulia kati ya matatu: kutolewa kwa ankara, kupokelewa kwa malipo yote au sehemu yake, na mauzo yenyewe kufanyika. Maana yake ni kwamba risiti ya EFD ya 2,714,000 inatakiwa kutoka fedha ikishapokelewa, haisubiri mzigo upakiwe. Mazungumzo ya simu kwa kawaida huenda hivi:

“Dada, risiti nitakupa ya jumla, mzigo ukishafika.”

“Kaka, hela umeshaipokea leo. Naomba risiti ya hii ya leo, yenye TIN yetu. Ile nyingine utanipa tukimalizia.”

Mhasibu huyo yuko sahihi, na asiogope kushikilia hapo kwa heshima. Risiti ikija, atazame kama ina jina na TIN ya kiwanda, kiasi kilicholipwa, VAT, na msimbo wa uhakiki. Risiti halali huanza kwa maneno `START OF LEGAL RECEIPT` na kuishia kwa `END OF LEGAL RECEIPT`. Kisha aingie `verify.tra.go.tz`, aandike ule msimbo, na alinganishe kinachoonekana kwenye skrini na karatasi aliyonayo. Stakabadhi ya kuandika kwa mkono au ujumbe wa benki unathibitisha kwamba fedha ilitoka, lakini haufanyi kazi ya risiti ya EFD.

VAT iliyomo ndani ya malipo ya awali haipatikani kwa kukokotoa asilimia 18 ya 2,714,000. Kiasi hicho kina kodi ndani yake tayari, kwa hiyo unazidisha kwa 18 na kugawa kwa 118. Kama daftari lako liko kwenye Excel na malipo yako safu ya F:

```
=ROUND(F2*18/118,0)
```

Jibu ni 414,000. Ukifanya asilimia 18 ya moja kwa moja utapata 488,520, na tofauti hiyo ya 74,520 ni kodi ambayo haipo. Risiti ya EFD ikishahakikiwa, 414,000 inatolewa kwenye malipo ya awali na kupelekwa VAT ya manunuzi. Kwenye malipo ya awali inabaki 2,300,000. Kwenye ombi la malipo, neno INASUBIRIWA mbele ya risiti ya EFD linafutwa, na badala yake inaandikwa namba na tarehe ya risiti. Mstari wa ankara ya kodi unabaki wazi.

Tuseme mzigo unafika Mafinga tarehe 20 Machi, na mtunza stoo anahesabu misumeno minane, si kumi. Miwili ilikwisha dukani. Anaandika minane kwenye hati ya kupokelea mali, na muuzaji anatoa ankara ya kodi ya kilichofika kweli: mota 3,200,000, misumeno minane 1,120,000, VAT 777,600, jumla 5,097,600. Kumbuka profoma ilitaja VAT ya 828,000. Aliyeiingiza vitabuni tangu mwanzo amedai 50,400 zaidi ya kodi iliyotozwa, na huenda ritani ya mwezi ikawa imeshapelekwa.

Kwa kiwanda chetu hesabu inafunga vizuri. Ombi la pili la malipo linaandikwa kwa ankara ya kodi, si kwa profoma, na kiasi chake ni 5,097,600 ukitoa 2,714,000 zilizotangulia, yaani 2,383,600. VAT iliyobaki ni 363,600. Mota inaingia kwenye mitambo, misumeno kwenye vipuri, zile 2,300,000 za malipo ya awali zinafutwa, na 2,383,600 inakuwa deni hadi ilipwe na risiti yake ya EFD itolewe. Ukijumlisha 414,000 na 363,600 unapata 777,600, sawa na ankara. Zisipokutana, usisaini. Rudi kwenye risiti ya kwanza, mara nyingi tatizo limelala pale.

Kuna namna rahisi ya kugundua kama ofisi yako ina tatizo hili. Kila mwisho wa mwezi, kabla ya ritani ya VAT inayotakiwa kufika ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, toa orodha ya akaunti ya malipo ya awali kwa wauzaji, mmoja mmoja. Kila salio liwe na ombi lake lenye neno INASUBIRIWA na jina la anayefuatilia. Salio la miezi mitatu lisilo na maelezo lina sababu, na mara nyingi ni mzigo uliofika zamani ambao ankara yake ililipwa upya, au muuzaji aliyeacha kupokea simu. Kinyume chake pia kiangaliwe: ikiwa ofisi inalipa kwa profoma kila wiki na akaunti hiyo ina sifuri siku zote, basi profoma zinaingizwa kama ankara. Kusubiri nako kuna ukomo, kwa sababu VAT ya manunuzi haidaiwi baada ya miezi sita tangu tarehe ya ankara ya kodi. Ankara iliyosahaulika kwenye droo ya mtunza stoo inaweza kukupotezea haki uliyokuwa nayo.

Profoma iliyopita siku zake bila kulipwa isifufuliwe kwa kubadilisha tarehe kwenye ombi. Omba mpya, kwa kuwa bei inaweza kuwa imepanda, na ombi la zamani lifungwe kwa neno “imekwisha muda”. Vivyo hivyo akaunti ya benki ikibadilika kati ya profoma na malipo, mpigie muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo kabla, si ile iliyokuja na ujumbe wa mabadiliko. Na ikiwa malipo ya awali yamefanyika, risiti ya EFD ikatolewa, kisha mzigo ukashindikana na fedha ikarudishwa, ile 414,000 iliyodaiwa lazima irekebishwe kwenye ritani ya mwezi wa marejesho, na barua ya muuzaji, hati ya benki na nakala ya risiti ya awali zibanwe pamoja na ombi lile lile la PF-0217.