Kumb. Na., YAH, Ndugu: kichwa na mkia wa barua ya kiserikali

Barua ikifika halmashauri, mtu wa kwanza kuisoma huwa karani wa masjala, wala si Mkurugenzi. Anaigonga muhuri wa tarehe ya kupokelewa, anatafuta jalada lake, kisha ndipo inapelekwa kwa mhusika. Sehemu nyingi za barua rasmi, ambazo shuleni tulizikariri kama mapambo, zipo ili karani huyo asikwame.

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa utaratibu wa Tanzania. Mwananchi aliomba kumilikishwa kiwanja, na Idara ya Ardhi ya halmashauri ikamjibu kwamba alete nakala ya mkataba wa mauziano. Sasa anapeleka nakala hiyo.

Kulia juu anaandika anwani yake: sanduku la posta, mahali, namba ya simu, na tarehe chini yake. Jina lake halikai hapo, litakuja mwishoni. Kushoto, chini kidogo ya tarehe, anaandika anwani ya ofisi:

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya,
S.L.P. ……,
(jina la mji kwa herufi kubwa).

Hapa wengi huteleza. Barua waliyopokea imesainiwa na afisa ardhi, basi nao wanamwandikia afisa huyo kwa jina. Ukiitazama vizuri, chini ya saini yake pameandikwa "Kny: MKURUGENZI MTENDAJI", yaani amesaini kwa niaba. Jibu linakwenda kwa mwenye cheo. Afisa anaweza kuhamishwa wiki ijayo, na barua yenye jina lake ikabaki mezani ikimngoja.

Kama ofisi imeagiza barua ipitie kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa, andika "Kupitia kwa:" na cheo chake chini ya anwani hiyo, kisha uache nafasi ya kutosha kwa saini, maoni na muhuri wake. Ukibana mistari, atagonga muhuri juu ya maneno yako.

Kumbukumbu namba ndiyo yenye kazi kubwa kuliko yote. Barua nyingi za serikali huwa na maneno "Unapojibu tafadhali taja" na namba mfano wa AB.12/34/05/67. Herufi na tarakimu za mwanzo huelekeza kwenye jalada, na ya mwisho mara nyingi ni namba ya barua hiyo ndani ya jalada. Inakiliwe yote, pamoja na nukta na mikwaju. Ukiacha kipande, karani anaweza kulifungulia suala lako jalada jipya, na atakayelishughulikia asione barua zilizotangulia. Mwananchi asijitungie namba yake: hana masjala. Kama ndiyo barua yake ya kwanza, kumbukumbu namba haihitajiki kabisa.

Salamu ni neno moja: "Ndugu," linatosha kwa Mkurugenzi, Katibu Mkuu au afisa yeyote. "Mheshimiwa" ni ya Waziri, Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya, Mbunge, Diwani na wa aina hiyo. Ofisi zenyewe zinapoandikiana mara nyingi huruka salamu na kuingia kwenye kichwa moja kwa moja. "Habari za kazi" na "natumaini u mzima" ziachie barua ya shangazi.

Kichwa hufuata salamu, kwa herufi kubwa, bila nukta mwishoni:

YAH: KUWASILISHA NAKALA YA MKATABA WA MAUZIANO YA KIWANJA NA. ……

(Wakenya huandika KUH: au MINT: mahali hapo.) Weka jambo moja tu. Ukichanganya kiwanja na malalamiko ya barabara, barua itaingia jalada moja na lile jambo la pili litapotelea humo.

Sentensi ya kwanza inaunganisha: "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. AB.12/34/05/67 ya tarehe 14 Machi, 2024 kuhusu mada tajwa hapo juu." Tarehe hiyo ni ya barua yao, si siku uliyoipokea. Pasipo barua ya kurejea, "Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu" inatosha, kisha useme shida yako.

Kufunga kuna mistari miwili. "Nawasilisha" au "Natanguliza shukrani" humaliza maelezo. Chini yake "Wako katika ujenzi wa Taifa," au "Wako mtiifu,". Kwa kila mstari chagua moja tu. Halafu saini kwa kalamu, na jina kamili kwa herufi za kusomeka chini yake, liwe lilelile lililo kwenye mkataba. Usitumie "Kny" kama hukutumwa na mtu.

Mwisho kabisa, kushoto, "Viambatisho:" na idadi yake, na "Nakala:" kama kuna ofisi nyingine inayopelekewa. Chapisha barua mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa masjala, na uondoke nayo.