Kwa Nini Skripti ya Konsoli Haisomi Kidakuzi cha Kikao

Katika siku za karibuni ofisi yetu hapa Dodoma imepokea malalamiko ya aina moja kutoka kwa watumishi wa vituo vya huduma na mafundi wa kompyuta: mtu ameshaingia kwenye mfumo, anafungua konsoli ya kivinjari ili aone vidakuzi vyake, na kile cha kikao hakionekani. Baadhi wameandika kwamba mfumo unaficha taarifa za mwananchi, na wengine wamelaumu alama ya kidakuzi iitwayo SameSite. Maelezo yote mawili si sahihi, na tunaomba yasiendelee kusambazwa.

Chukulia kwamba baada ya kuingia, seva imetuma mistari hii miwili:

```
Set-Cookie: kikao=7f3a9c; Path=/; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax
Set-Cookie: lugha=sw; Path=/; Secure; SameSite=Strict
```

Ukiandika `document.cookie` kwenye konsoli, utapata `"lugha=sw"` peke yake. Kidakuzi cha lugha kina SameSite tena ya ngazi kali kabisa, na bado kimesomeka. Hivyo kilichozuia kikao kusomeka ni HttpOnly. Alama hiyo, iliyoanzia kwenye Internet Explorer 6 SP1 mwaka 2002, inakiagiza kivinjari kiendelee kupeleka kidakuzi kwa seva katika kila ombi linalostahili, lakini kisikikabidhi kwa skripti yoyote. Unachokiandika kwenye konsoli hutekelezwa kama skripti ya ukurasa uliofunguliwa, kwa mamlaka yale yale ya ukurasa huo, hata kama aliyekiandika ni mwenye akaunti.

Jambo linalowapotosha wengi zaidi ni jaribio la kukibadilisha:

```
document.cookie = "kikao=x; path=/"
```

Konsoli hurudisha maneno hayo hayo bila kuonyesha kosa lolote, na mtumiaji huamini kwamba amefaulu. Konsoli inarudia tu ulichoandika, ilhali kivinjari kimekataa kimyakimya. Ili kuthibitisha, fungua sehemu ya `Application` katika Chrome, au `Storage` katika Firefox, uangalie orodha ya vidakuzi: thamani itakuwa bado `7f3a9c`, na safu ya HttpOnly itakuwa imewekewa alama. Tumeulizwa mara nyingi mno kwamba ikiwa thamani inaonekana hapo, kinga iko wapi. Jedwali hilo ni la kivinjari chenyewe na humwonyesha mtu aliyeketi mbele ya mashine. Skripti ya ukurasa haina njia ya kulisoma. HttpOnly haikuwekwa ili kumzuia mwenye kompyuta.

SameSite hushughulikia swali tofauti, yaani ombi limeanzia wapi. Fomu iliyopachikwa kwenye tovuti nyingine ikituma ombi la POST kwa mfumo wetu, kidakuzi chenye `Lax` hakiambatani nalo, ingawa mtu akibofya kiungo cha kawaida kutoka huko kitakwenda. Chenye `Strict` hakiendi katika hali zote mbili. Waandaaji wa mifumo wazingatie kwamba `go.tz` huhesabiwa kama kiambishi cha umma, kwa hiyo taasisi mbili zenye majina tofauti chini yake ni tovuti mbili tofauti, lakini vikoa vidogo viwili vya taasisi moja ni tovuti moja na SameSite haivitenganishi.

HttpOnly ina mpaka wake, na hapa tunaomba umakini. Inazuia thamani ya kikao isichukuliwe na skripti, lakini haizuii kikao kutumika papo hapo. Skripti uliyotumiwa na mtu na kuibandika kwenye konsoli inaweza kuagiza kivinjari kitume ombi la kubadili namba ya simu au kuidhinisha malipo, na kwa kuwa ombi linatoka ndani ya ukurasa wenyewe, kidakuzi kitaambatana nalo ingawa skripti haijakiona.

Kuhusu adhabu, kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinahusu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila uhalali. Anayetumia kikao cha mtu mwingine bila ruhusa ajue kwamba, akitiwa hatiani, faini si chini ya shilingi 3,000,000 au mara tatu ya manufaa aliyoyapata, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili.

Anayewasilisha lalamiko ataje kivinjari na toleo lake, anwani ya ukurasa, na aambatanishe picha ya jedwali la vidakuzi huku safu ya thamani ikiwa imefunikwa. Picha kadhaa tulizopokea zilionyesha thamani nzima ya kikao kilichokuwa bado hai, na yeyote aliyeipata picha hiyo angeweza kuingia bila nywila. Waliotuma picha za namna hiyo wabofye kitufe cha kutoka leo hii, kwa sababu kufunga dirisha pekee hakuiambii seva ifute kikao.