Neno la ufunguo haligeuzwi

Juzi nimelisikia tena kosa la maswali ya neno la ufunguo katika mitihani ya Kiingereza, safari hii kwa mwalimu wa tuisheni aliyekuwa akiwaambia vijana wake: "Hapa mnapewa neno, mnaligeuza mpaka liingie kwenye sentensi." Nilikuwa mgeni pale, nikameza mate. Lakini kosa hilo nimeshalisikia mara nyingi mno, na wanaolilipia ni watahiniwa.

Zoezi lenyewe halina maelezo marefu. Katika mtihani wa Kiingereza wa Cambridge uitwao B2 First, sehemu ya 4 ya karatasi ya kusoma na matumizi ya lugha ina maswali 6 ya aina hii. Unapewa sentensi kamili, chini yake neno moja kwa herufi kubwa, kisha sentensi ya pili yenye pengo. Unajaza pengo ili sentensi ya pili iseme kile kile kilichosemwa na ya kwanza, kwa maneno 2 hadi 5, neno ulilopewa likiwa ndani ya hesabu hiyo na bila kulibadilisha. Kwenye mitihani ya ngazi za juu zaidi, C1 Advanced ni maneno 3 hadi 6, na C2 Proficiency ni 3 hadi 8. Basi.

Tatizo limo kwenye jina. Kwenye vitabu vya mazoezi utasoma `Key word transformation`, yaani ugeuzaji kwa neno la ufunguo, lakini darasani watu hulikata na kubaki na "transfomesheni". Ukilikata hivyo, mwanafunzi anajiuliza kinachogeuzwa ni nini, na kwa kuwa mbele ya macho yake kuna neno moja limeandikwa kwa herufi kubwa, anadhani ni hilo. Kumbe jina linasema kinyume. Kinachogeuzwa ni sentensi, na neno ni ufunguo wa kuigeuzia.

Waliosoma isimu kwa Kiswahili wanaijua sarufi geuzi, ile iliyovuma baada ya kitabu cha mwanaisimu Noam Chomsky cha mwaka 1957. Hata huko, geuzo ni la sentensi: "Mwalimu alimsifu Asha" inakuwa "Asha alisifiwa na mwalimu". Umbo limehama, maana imebaki. Kunyambua neno moja peke yake si geuzo la sentensi.

Na ufunguo nao tuutazame. Neno lenyewe limetoka kwenye kitenzi fungua, na fungua ni kinyume cha funga. Fundi anayekuuzia kufuli hategemei kwamba utaupiga ufunguo tupa nyumbani ili uingie vizuri zaidi. Ukiupiga tupa, umeuharibu. Kinachozunguka ni kitasa.

Hebu tuone mfano ambao dada mmoja ninayemsaidia kujiandaa aliufanyia kazi wiki iliyopita:

```
I regret not taking my uncle's advice.
WISH
I ______________ my uncle's advice.
```

Kabla ya kujaza, fikiria swali hilo hilo lingekuwa la Kiswahili. Sentensi ya kwanza: "Najuta kwa kutofuata ushauri wa mjomba." Neno la ufunguo: LAITI. Utaandika nini? "Laiti ningalifuata ushauri wa mjomba." Sasa angalia yaliyotokea. Majuto yameondoka. Ukanushi, ile -to- ya "kutofuata", umeondoka nao, kwa sababu laiti tayari imebeba habari kwamba jambo halikufanyika. Kitenzi kimevaa -ngali-. Kila kitu kimehama isipokuwa LAITI, ambayo haikubadilika hata herufi moja.

Kiingereza kinafanya vivyo hivyo. `WISH` ikiingia, `regret` inatoka, `not` inatoka, na kitenzi cha jambo lililopita kinarudi hatua moja nyuma: `wish I had taken`. Maneno 4. Kila swali lina alama 2, na jibu hugawanywa vipande viwili vinavyosahihishwa kila kimoja peke yake. Hapa kimoja ni `wish I`, cha pili ni `had taken`. Aliyeandika `wish I took` amekipata cha kwanza akakikosa cha pili, anaondoka na alama 1.

Dada yule yeye aliandika `wished I had taken`. Nilipomuuliza akasema, "Si ni mambo yaliyopita, mwalimu? Nimeliweka neno katika wakati uliopita." Kwa Kiingereza cha kawaida hiyo ni sentensi safi kabisa. Lakini sasa inasema kwamba zamani nilitamani, wakati sentensi ya kwanza inasema najuta sasa hivi, leo. Kuligusa neno kumeihamisha na maana. Ndiyo maana sharti la kutolibadilisha neno ulilopewa limeandikwa wazi kwenye maelekezo ya karatasi, na ndiyo maana ukilivunja unapoteza alama hata kama Kiingereza chako kimenyooka.

Sidhani kosa lake ni uzembe. Limetoka sehemu mbili. Kwanza, shuleni kwetu, Kenya na Tanzania, tumezoea maswali ya kuandika upya sentensi kwa kufuata maelekezo, na mengine yanayosema tumia umbo sahihi la neno lililo kwenye mabano. Huko kugeuza neno ndiyo kazi uliyotumwa, na mara nyingi hakuna anayekuhesabia maneno. Pili, na hili ndilo baya zaidi, ndani ya karatasi hiyo hiyo ya Cambridge, sehemu ya 3 inakupa maneno kwa herufi kubwa pembeni mwa kifungu na inataka uyanyambue: `DECIDE` iwe `decision`, kwa mfano. Unafunua ukurasa, unakutana tena na neno la herufi kubwa, na sasa ni mwiko kuligusa. Mazoezi mawili jirani, sura moja, sheria zinazopingana. Mwalimu asiyewaonyesha wanafunzi mpaka huo amewaacha njia panda gizani.

Kuhusu kuhesabu maneno nitasema kidogo tu, maana hapo napo watu huumia. Maneno yaliyofupishwa huhesabiwa kama yangeandikwa kwa urefu, kwa hiyo `I'd` ni maneno 2 na `isn't` ni 2. `can't` peke yake ni 1, kwa kuwa urefu wake ni `cannot`. Katika mfano wetu `wish that I had taken` ni maneno 5, imepona. Mwenzake mmoja aliandika `wish that I had listened to`, akajiona amepamba. Hayo ni maneno 6, amevuka mpaka. Angeiondoa `that` angebaki ndani ya hesabu.

Nilimrudishia dada yule karatasi nikiwa nimezungushia duara herufi mbili tu, ile `ed` aliyoipachika. Kwa mwalimu wa tuisheni, kama atasoma hapa, naomba abadilishe kitenzi kimoja tu katika maelezo yake: badala ya "mnapewa neno, mnaligeuza", awaambie "mnapewa neno, mnaigeuza sentensi ilizunguke".