Je, wajua kwa nini aliyechagua sawa bado hujuta?

*Nahodha aliyelazimika kumwacha mtu baharini ili aokoe waliobaki, na watu wote wakamwambia amefanya sawa, mbona majuto hayamtoki?*

Kwa sababu haki ya aliyeachwa haikufutika. Ilishindwa tu na haki nyingine nzito zaidi, na haki iliyoshindwa hubaki ikidai.

Tuanze na mali, ambako hesabu ni nyepesi. Chukua jahazi limetoka Lamu kwenda Kiunga wakati wa kusi, lina abiria 11 na mifuko 60 ya saruji ya mfanyabiashara mmoja. Mfuko ni kilo 50, kwa hivyo shehena ni tani tatu. Likishapita Kiwayu bahari inachafuka, maji yanajaa ngamani haraka kuliko mabaharia wanavyoyafua. Nahodha anaamuru mifuko 40 itoswe, na chombo kinapata nafuu.

Fikihi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Lamu, ina hukumu ya jambo hili. Chombo kikihofiwa kuzama, inajuzu kutosa mali, na kutosa kunakuwa wajibu pale panapotarajiwa kuokoa roho za watu. Hata hivyo, aliyetosa mali ya mwenzake bila idhini yake ana dhamana ya kuilipa. Hakutenda dhambi, tena angetenda dhambi kama asingeitosa, na bado anadaiwa. Kutenda sawa ni jambo moja, na kutodaiwa ni jingine.

Sasa ondoa saruji, weka mtu. Wimbi linampiga baharia mmoja, anaanguka. Upepo uko nyuma na jahazi linakimbia kama noti tano, yaani mita 150 hivi kwa dakika. Mpaka tanga lishughulikiwe, dakika tatu zimepita na aliyeanguka yuko karibu nusu kilomita nyuma, kichwa chake kimefichwa na mawimbi. Kumrudia ni kupiga bisho dhidi ya kusi, na kila chombo kinapogeuka kinapigwa ubavuni na mawimbi huku ngamani mna maji. Nahodha anajua kikipinduka, abiria wote 11 na mabaharia waliobaki wamo majini. Anatupa boya, anaendelea mbele.

Mfuko wa saruji una bei. Mtu hana, ndiyo maana deni hili halilipiki likaisha. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliandika mwaka 1965 kwamba wajibu mbili zinapogongana, ule tusioutimiza hautoweki. Hubaki kama salio, na majuto ndiyo njia ya kulitambua. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, kabla yake, alishikilia kwamba wajibu mbili za kweli haziwezi kugongana. Kwa Kant, basi, nahodha hakuacha wajibu wowote nyuma. Mimi naona Williams yuko karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa nahodha ambaye angefika Kiunga akanywa kahawa bila kuguswa na lolote tungemshuku, ingawa tunakubali uamuzi wake.

Majuto haya yana jirani anayefanana nayo, nayo ni hatia. Ukitaka kuyatenganisha, uliza swali moja: akirudishwa kwenye dakika ile ile, akijua yale yale tu aliyoyajua, angechagua vingine? Kama jibu ni hapana na bado anaumia, hayo ni majuto ya mwenye kutenda, si hatia. Lakini swali lisiishie hapo. Rudi nyuma hadi gatini. Je, chombo kilipakiwa kupita kiasi? Jaketi za kuokolea zilitosha? Utabiri wa hali ya hewa uliangaliwa? Kosa likipatikana huko, ni hatia kweli, na inafaa ishughulikiwe kama hatia. Wengi huchanganya mawili haya: ama hujilaumu kwa dakika isiyo na lawama, ama hutumia ugumu wa dakika ile kuficha uzembe wa asubuhi.

Wanaomfariji nao hukosea wanapomwambia, "Hukuwa na la kufanya." Alikuwa nalo, akalikataa kwa sababu nzuri, na yeye anajua hivyo. Maneno hayo humwacha peke yake na ukweli wake. Afadhali aambiwe: uliamua sawa, na aliyepotea alikuwa na haki kwako.

Salio lenyewe hutimizwa kwa vitendo. Nahodha aende mwenyewe kwa wafiwa, asitume mjumbe. Aeleze hatua kwa hatua, pamoja na sehemu ngumu kuliko zote: kwamba alimwona akianguka na akaamua kutorudi. Asiombe msamaha kana kwamba ameua, maana atawatwisha wafiwa kazi ya kumsamehe kosa asilolifanya, nao hawajamaliza hata kulia. Kilicho haki yao ni kujua, kuuliza watakacho, na kumkasirikia bila yeye kujitetea.