Je, wajua rekodi ya kikao cha Zoom hukaa wapi baada ya kikao kumalizika?

«Tukimaliza kikao cha Zoom naambiwa kimerekodiwa, lakini sikioni kwenye simu yangu wala kwenye mtandao. Kinahifadhiwa wapi, na nitakipelekaje kwenye folda ya chama huko Google Drive kikae kwa mpangilio?» Ndivyo alivyoniuliza katibu wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho wilayani Tandahimba.

Kimo ndani ya kompyuta ya yule aliyebofya kitufe cha kurekodi, na hakipo mahali pengine popote. Akaunti ya Zoom isiyolipiwa haina nafasi ya kuhifadhi rekodi mtandaoni, kwa hiyo kompyuta iliyoanzisha kurekodi ndiyo inayoandika picha na sauti kwenye diski yake yenyewe. Simu, kwa akaunti ya aina hiyo, hairekodi kabisa. Ndiyo maana katibu anaweza kupekua simu yake tangu asubuhi hadi jioni asione chochote, ilhali kikao kizima kimetulia kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Hilo ndilo lililotokea kwake. Kikao cha bodi cha kugawa magunia kiliitishwa na yeye mwenyewe akiwa Tandahimba, lakini siku ile alikuwa anatumia simu, kwa hiyo alimpa mhasibu, aliyekuwa Mtwara mjini na kompyuta mpakato, ruhusa ya kurekodi. Yeye aliamini kwamba, kwa kuwa kikao ni chake, rekodi nayo itamfuata. Zoom haifanyi hivyo. Anayezoea Google Meet huchanganyikiwa hapa, kwa sababu huko mambo ni kinyume: kwa akaunti zinazoruhusu kurekodi, hata akibofya mwingine, rekodi huingia kwenye Drive ya aliyeandaa mkutano, ndani ya folda iitwayo Meet Recordings. Basi swali la kwanza la kuuliza kwenye kikao cha Zoom ni nani aliyebofya, na la pili ni kompyuta gani aliyokuwa akiitumia wakati huo.

Kwenye kompyuta ya Windows, Zoom huweka rekodi katika folda ya Documents, ndani ya folda ndogo iitwayo Zoom, isipokuwa kama mtu aliwahi kubadilisha mahali hapo. Asiyetaka kutafuta kwa kubahatisha afungue Zoom, aingie Settings, kisha sehemu ya Recording. Ataoneshwa njia kamili ya folda, na pembeni yake kitufe cha Open cha kuifungua papo hapo. Kila kikao hupata folda yake, na jina lake huanza na tarehe na saa. Zile za mhasibu zilisomeka hivi:

```
2025-09-18 14.05.22 Kikao cha Bodi
2025-09-18 14.52.10 Kikao cha Bodi
```

Folda mbili kwa kikao kimoja ni jambo la kawaida, wala si hitilafu. Akaunti isiyolipiwa hukatisha kikao kikifika dakika 40, wajumbe wakaingia tena, na kwa Zoom huo ni mkutano mpya wenye folda mpya. Wengi huchukua folda ya kwanza tu na kuiacha ya pili, na ya pili mara nyingi ndiyo yenye maazimio. Jambo linalofanana na hilo hutokea hata ndani ya mkutano mmoja: anayesimamisha kurekodi kwa muda kupitia Pause, kisha akaendelea, hupata faili moja, lakini anayebofya Stop kisha akaanza upya hupata faili mbili.

Ndani ya folda mtakuta faili la video lenye kiishio cha `.mp4`, faili la sauti pekee lenye kiishio cha `.m4a`, na pengine faili la maandishi la ujumbe ambao wajumbe walitumiana wakati wa kikao. La sauti lisidharauliwe, kwa kuwa mwandishi wa muhtasari anayetaka kusikia upya hoja moja anaweza kulisikiliza kwa bando dogo kuliko la video.

Hapa kuna kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote, na linaumiza kwa sababu mtu hudhani amepoteza kikao. Wakati wa kikao Zoom haiandiki `.mp4`. Huandika data ghafi katika umbo lake lenyewe, na kikao kikiisha ndipo huigeuza kuwa video ya kawaida, huku kidirisha kidogo kikionesha asilimia iliyofikiwa. Mtu akifunga kifuniko cha kompyuta mara tu baada ya kuagana, au umeme ukikatika na betri ikiwa imechoka, kazi hiyo hukatizwa. Folda inakuwepo, ila badala ya video ndani yake mnaonekana jina kama hili:

```
double_click_to_convert_01.zoom
```

Faili hilo ndilo kikao chenyewe. Lisifutwe, lisibadilishwe jina, wala lisipelekwe Drive likiwa hivyo, kwani huko halichezi. Kompyuta iwashwe ikiwa kwenye chaja, faili libofywe mara mbili huku faili nyingine za folda ile zikiwa mahali pake, na Zoom itaendelea kuligeuza. Kwa kikao cha mhasibu folda ya pili ilikuwa katika hali hiyo. Alibofya mara mbili, akasubiri kwa dakika chache, na video ikatokea.

Kabla ya kupandisha chochote, tazama njia iliyoandikwa juu ya dirisha la folda. Kama ndani yake mna neno OneDrive, maana yake Windows ilikwisha kuiunganisha folda ya Documents na hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ambayo bila malipo ina gigabaiti 5 tu na hujazwa haraka na video. Zaidi ya kujaa, ni hatari ya kiufundi: faili linaloandikwa na Zoom huku programu nyingine ikijaribu kulipandisha linaweza kuharibika au kukwama katika kugeuzwa. Kwa sababu hiyo hiyo siwashauri watu waielekeze Zoom irekodi moja kwa moja kwenye folda inayopandishwa mtandaoni yenyewe, ingawa inaonekana kama njia ya mkato. Rekodi iandikwe kwanza kwenye diski ya ndani, ikamilike, ndipo ipelekwe.

Sasa tuhamishe. Nilimwomba mhasibu aanze na majina, kwa sababu Zoom hupa video majina ya tarakimu yasiyosema lolote, na yakishafika thelathini ndani ya Drive hakuna atakayeyatofautisha. Tarehe itangulie, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, ili orodha ijipange yenyewe kwa mfuatano wa wakati:

```
2025-09-18_bodi_magunia_sehemu-1.mp4
2025-09-18_bodi_magunia_sehemu-2.mp4
```

Kisha afungue `drive.google.com` akiwa ameingia kwa akaunti ya chama, si yake binafsi. Sababu nitaieleza hapa chini. Abofye New, kisha New folder, aunde folda ya Mikutano, ndani yake folda ya 2025, na ndani yake folda moja kwa kila kikao. Nimeona ofisi zikiunda folda za bodi, za wanachama, za wanunuzi na za wasafirishaji, kisha kikao kimoja kikahusu mambo mawili na kisijulikane kiwekwe wapi. Tarehe haina utata huo, na katibu hukumbuka kikao kilikuwa kabla au baada ya mnada wa kwanza kuliko anavyokumbuka kilipewa jina gani. Akiwa ndani ya folda ya kikao husika, abofye New, kisha File upload, achague faili.

Video mbili zile zilikuwa megabaiti 92 na 61, jumla 153. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde hiyo ni kazi ya dakika kumi hivi, na ukurasa wa Drive usifungwe mpaka alama ya kukamilika ionekane kwenye kona ya chini kulia. Mtandao ukiyumba kidogo Drive hujaribu tena yenyewe, lakini ukiufunga ukurasa katikati, faili lile huanza upya na bando lililokwisha kutumika halirudi.

Kupandisha ni kunakili. Faili la awali bado lipo kwenye kompyuta, na lisifutwe kabla ya kuhakikisha. Linganisha ukubwa wa faili kwenye kompyuta na ule unaooneshwa na Drive, kisha fungua video kwenye kifaa kingine, simu kwa mfano, na usogeze hadi dakika ya mwisho. Drive ikisema video bado inashughulikiwa, usipandishe mara ya pili: faili limefika salama, kinachosubiriwa ni kutayarishwa kwa ajili ya kutazamwa, na katika muda huo bado linaweza kupakuliwa.

Katibu aliuliza kama kiungo alichokwisha kutuma kwa wajumbe kitavunjika akilihamisha faili kutoka folda moja ya Drive hadi nyingine. Hakivunjiki, kwa sababu kiungo hushika namba ya utambulisho ya faili na si jina lake wala mahali lilipo. Kinachobadilika ni ruhusa: faili likiingia kwenye folda iliyokwisha kushirikishwa, wote wenye ruhusa ya folda wanaliona pia. Kikao kilichotaja akaunti za benki za wakulima kisiwekwe kwenye folda ambayo wasafirishaji nao wanaifungua. Katika Share, wajumbe wa bodi waandikwe kwa anwani zao wakiwa Viewer, na sehemu ya chini ibaki Restricted.

Nirudi kwenye akaunti ya chama. Katika Drive ya kawaida mwenye faili ni yule aliyelipandisha, hata kama folda ni ya mwingine, na nafasi inayotumika ni yake. Mhasibu angepandisha kwa akaunti yake binafsi, zile megabaiti 153 zingekula gigabaiti 15 anazotumia pia kwa barua pepe na picha za watoto, na siku akihama kazi na kufuta akaunti, kikao kingeondoka naye. Akaunti ya chama nayo inahitaji kuguswa, kwa kuwa Google inaweza kuifuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2 pamoja na vilivyomo. Kwa hiyo tuliandika nywila yake kwenye karatasi, ikatiwa kwenye bahasha na kufungiwa ndani ya kabati la stakabadhi, na katibu akapangiwa kuingia kila mwanzo wa msimu.